Bei ya kilo kwenye rafu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanunuzi na wenye maduka

Maswali haya nimeyakusanya kaunta, mengi kutoka kwa wateja na mengine kutoka kwa wenzangu wanaofungasha bidhaa nyumbani na kuzileta dukani. Bei zote za shilingi zilizomo ni za mfano wa hesabu, kwa hiyo weka za kwako mahali pake. Jibu lililokwisha kutolewa sikulirudia, nimekuelekeza lilipo.

## Mambo ya mwanzo

1. Bei ya kipimo ni nini, na ina tofauti gani na bei ya kawaida?

Bei ya kawaida ni ile unayolipa kaunta: kopo hili shilingi 3,800. Bei ya kipimo inakuambia hiyo 3,800 imenunua bidhaa kwa shilingi ngapi kwa kilo, lita au kipande kimoja. Kama kopo lina gramu 250, basi unanunua kwa Sh 15,200 kwa kilo.

Sokoni tumeizoea tangu zamani bila kuipa jina. Nyama, nyanya na mchele wa kupima huuzwa kwa bei ya kilo, na kila mtu anaweza kulinganisha bucha hili na lile. Ugumu ulianza bidhaa zilipoingia kwenye pakiti za gramu 180, 375 au 850, ambazo jicho haliwezi kuzipambanisha. Lebo ya rafu yenye bei ya kilo inairudisha pakiti kwenye lugha ileile ya bucha.

2. Nahesabuje nikiwa nimesimama mbele ya rafu?

Kwa kikokotoo cha simu: bei, gawanya kwa gramu, zidisha kwa 1,000. Kwa vinywaji na mafuta, weka mililita mahali pa gramu. Ukitaka kichwani, pakiti nyingi zina njia ya mkato. Gramu 250 zidisha bei kwa nne, gramu 500 kwa mbili, gramu 200 kwa tano. Gramu 400 chukua bei mara mbili kisha ongeza nusu ya bei ya pakiti. Gramu 750 gawanya bei kwa tatu, halafu zidisha kwa nne.

Soma uzito halisi ulioandikwa, usiupime kwa macho. Niliwahi kuweka kaunta pakiti mbili za sabuni ya unga, moja nene iliyojaa hewa na nyingine bapa. Mama mmoja alizishika zote mbili, akazipima mkononi, akachukua ile nene. Ilikuwa na gramu 450, na ile bapa gramu 500, kwa bei moja.

3. Pakiti kubwa si ndiyo rahisi siku zote?

Mara nyingi ndiyo, siku zote hapana. Zipo bidhaa ambazo pakiti mbili za kati zinakupa uzito uleule kwa pesa pungufu kuliko moja kubwa. Wakati mwingine muuzaji amekosea hesabu tu, kama utakavyoona kwenye swali la 10. Wakati mwingine pakiti ya kati ndiyo inayogombaniwa na maduka, bei yake ikashuka na ile ya kubwa ikabaki palepale. Na wapo wanaojua kwamba mnunuzi wa kubwa hahesabu. Dawa ni moja: soma bei ya kilo ya kila saizi, usiishie kwenye saizi uliyoizoea.

Halafu kuna kuharibika. Kilo 5 za unga zilizoingia wadudu zikiwa zimebaki kilo 2, umelipia kilo 3 tu ulizokula. Kama uliununua kwa Sh 10,000, bei yako ya kweli si 2,000 kwa kilo, ni zaidi ya 3,300.

4. Lebo iandike kwa kilo au kwa gramu 100?

Vyote viwili vinafaa, ila rafu moja itumie kimoja. Chai moja ikiandikwa "Sh 1,400 kwa gramu 100" na jirani yake "Sh 13,000 kwa kilo", mteja mwenye haraka ataona 1,400 na kuamini ndiyo rahisi, kumbe ni 14,000 kwa kilo. Lebo ya namna hiyo ni afadhali isingekuwepo.

Kwa unga, sukari, mchele, sabuni na mafuta mimi hutumia kilo au lita. Kwa viungo, majani ya chai na vitu ambavyo mtu hanunui kilo nzima maishani, gramu 100 inaeleweka zaidi.

## Kwa mnunuzi

5. Kwa nini pakiti ndogo ni ghali kwa kilo? Ni wizi?

Sehemu ya tofauti ni halali kabisa. Kopo, mfuniko na lebo vina gharama, na kopo la gramu 250 haligharimu robo ya kopo la kilo. Mkono unaojaza, kufunga na kupanga makopo manne unafanya kazi mara nne. Hiyo lazima ionekane kwenye bei.

Sehemu nyingine inatokana na muuzaji kujua kwamba mwenye shilingi elfu mbili mfukoni hana pa kwenda. Hapo maskini analipa zaidi kwa kilo kuliko mwenye pesa ya kununua kubwa, na jambo hili linaniuma kwa sababu ndio wateja wangu wengi. Namna ya kuzitenganisha sehemu hizo mbili ipo kwenye swali la 9.

6. "Asilimia 20 zaidi bure" na "punguzo la asilimia 20" si kitu kimoja?

Hapana. Chukua kopo la gramu 500 la Sh 7,000, yaani 14,000 kwa kilo. Ukipewa punguzo la asilimia 20 unalipa 5,600, na bei ya kilo inakuwa 11,200. Ukiongezewa asilimia 20 unapata gramu 600 kwa 7,000 ileile, na kilo inakuwa kama 11,670. Ongezeko la asilimia 20 ni sawa na punguzo la asilimia 16.7 hivi.

Hakikisha pia kwamba ongezeko lipo. Pakiti yenye utepe wa "zaidi bure" ilinganishe na ya zamani kwa gramu. Nimeona utepe kwenye pakiti ambayo uzito wake ulikuwa uleule wa miezi iliyopita.

7. Bei haijapanda, lakini sabuni inaisha haraka. Nini kimetokea?

Angalia gramu. Mtengenezaji akishusha pakiti kutoka gramu 500 hadi 450 na kuacha bei palepale, amepandisha bei ya kilo kwa asilimia 11 bila kugusa tarakimu unayoiangalia. Kwa kawaida umbo la pakiti halibadiliki, upana na urefu ni vilevile, na chupa huongezewa kibonyeo kitakoni kinachoingia ndani.

Lebo yenye bei ya kilo humfichua hapohapo, kwa kuwa tarakimu yake inaruka hata kama bei ya kopo imetulia. Ufaransa imekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 1 Julai 2024, maduka ya chakula yenye eneo la zaidi ya mita za mraba 400 yanatakiwa kumtangazia mteja kwenye rafu pale bidhaa inapopunguzwa uzito na bei ya kipimo ikapanda.

8. Mimi nanunua mafuta "ya mia tano". Nawezaje kujua bei ya lita?

Hapa mambo yamegeuka: pesa imesimama, kipimo ndicho kinachotembea. Mafuta yakipanda, mia tano inabaki mia tano, kikombe cha kupimia ndicho kinachobadilishwa. Ndiyo maana kupanda kwa bei ya rejareja ya kupima huonekana kwa kuchelewa.

Pima mara moja tu nyumbani. Chukua bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa, lisilo na sindano, unyonye mafuta yako na kuhesabu. Tuseme umepata mililita 70. Mia tano gawanya kwa 70, zidisha kwa 1,000, unapata kama Sh 7,140 kwa lita. Ukiona chupa ya lita ni 6,000, ujue unalipa 1,140 zaidi kwa kila lita kwa raha ya kununua kidogo kidogo. Kwa wengine inafaa, maana pesa ya lita nzima haipo, ila ni vizuri kuijua.

Nafaka za kopo na kibaba zina tatizo la namna yake. Kibaba hupima ujazo, si uzito, na maharage ya aina mbili yanaweza kujaza kibaba kilekile kwa uzito tofauti. Kibaba kimoja kilichofutwa juu kwa mkono na kimoja kilichofurika si kitu kimoja. Muuzaji akikubali, mwombe akimimine mizanini mara moja. Ukishajua gramu zake, rudi swali la 2.

## Kwa muuzaji

9. Napangaje bei ya saizi ndogo, ya kati na kubwa?

Anza na gharama ya bidhaa yenyewe kwa kilo, kisha jumlisha gharama zinazohesabika kwa kopo. Hizi ni mbili tofauti, na makosa mengi hutokana na kuzichanganya.

Mfano ni siagi ya karanga, kwa sababu ndiyo wengi wanayofungasha nyumbani. Tuseme karanga, kukaanga, kusaga na kile kinachobaki kwenye sufuria vinakufikisha Sh 9,000 kwa kilo. Kopo na lebo ni 700 kwa la gramu 250, 900 kwa la 500, na 1,300 kwa la kilo. Kazi ya kujaza na kufunga ni 200, 250 na 300.

Kopo dogo: siagi 2,250, kopo 700, kazi 200, jumla 3,150. Kwa kilo ni 12,600.

Kopo la kati: 4,500, 900 na 250, jumla 5,650. Kwa kilo ni 11,300.

Kopo kubwa: 9,000, 1,300 na 300, jumla 10,600. Kwa kilo ni hiyohiyo 10,600.

Kabla hujaweka faida yoyote, kati ya dogo na kubwa kuna tofauti ya Sh 2,000 kwa kilo. Hiyo ndiyo tofauti ya haki, imeletwa na kopo na mkono. Iandike mahali, utaihitaji.

Sasa faida. Ukiweka asilimia 20 kwa kila moja na kuzungusha juu kidogo ili chenji isisumbue, utauza 4,000, 7,000 na 13,000. Kwa kilo ni 16,000, 14,000 na 13,000. Tofauti imekuwa 3,000. Ile elfu moja iliyozidi haikuletwa na kopo, umeileta wewe. Sehemu imetoka kwenye asilimia, kwa sababu umetoza faida hata juu ya plastiki, na sehemu kubwa imetoka kwenye kuzungusha.

Ukiweka faida sawa kwa kila kilo, tuseme 2,000, utapata 3,650, 6,650 na 12,600. Kwa kilo ni 14,600, 13,300 na 12,600, na tofauti inarudi 2,000 kamili. Mimi nauza karibu na hesabu hii ya pili: 3,700, 6,700 na 12,600. Wapo watakaosema kopo dogo lina usumbufu zaidi kaunta na linastahili faida kubwa. Inawezekana, lakini usumbufu huo uuhesabu kama kazi, kwa dakika na shilingi. Usiufiche ndani ya asilimia.

10. Nilizungusha bei, sasa kopo kubwa haliuziki. Nimekosea wapi?

Pengine umevunja ngazi bila kujua. Kwa mfano wa swali la 9, kopo la kati ni 7,000 na kubwa umeliandika 14,500 kwa kuona kopo la kilo limepanda bei. Anayechukua makopo mawili ya kati anapata kilo nzima kwa 14,000. Mteja anayehesabu atachukua mawili, na asiyehesabu akija kugundua atakuona umemlia pesa yake.

Kabla ya kubandika bei, fanya jaribio moja: bei ya kubwa iwe chini ya bei ya madogo yanayotimiza uzito uleule. Mbili za kati kwa kubwa moja, nne ndogo kwa kubwa moja, mbili ndogo kwa ya kati moja. Ikishindwa popote, shusha kubwa au pandisha nyingine kwa sababu unayoweza kumweleza mteja.

Kwenye jedwali la kompyuta au simu, weka gramu kwenye safu ya B na bei kwenye safu ya C kuanzia mstari wa 2, kisha andika kwenye D2:

```
=ROUND(C2/B2*1000,0)
```

Buruta hadi chini. Namba zinatakiwa kushuka kadiri uzito unavyopanda. Inayopanda ndiyo yenye kosa.

11. Nikionyesha bei ya kilo, si nitapoteza wanunuzi wa pakiti ndogo?

Hili huulizwa kwa wasiwasi na nalielewa. Mteja wa ndogo kwa kawaida amefungwa na pesa ya siku hiyo. Lebo haimwongezei pesa, kwa hiyo ataendelea kununua ndogo. Wanaohama ni wale waliokuwa na uwezo wa kuchukua ya kati na hawakujua tofauti. Hao sasa wanakuachia shilingi nyingi kwa mkupuo mmoja. Kwenye mfano wangu, faida ya kopo dogo ni 550 na ya kubwa ni 2,000.

Anayeumia kweli ni yule ambaye ngazi yake ya bei haiwezi kuelezeka. Huyo airudie hesabu ya swali la 9 kabla ya kubandika lebo.

12. Lebo yenyewe iandikwe vipi?

Bei ya kopo kwa maandishi makubwa, chini yake jina na uzito, halafu bei ya kilo kwa maandishi yanayosomeka na mtu aliyesimama wima. Rafu ya chini kabisa ongeza ukubwa wa herufi, maana hakuna mtu mzima anayeinama kusoma tarakimu ndogo. Mfano: "Siagi ya karanga, gramu 500. Sh 6,700. Kwa kilo: Sh 13,400."

Bei ikibadilika, badilisha zote mbili siku hiyohiyo. Kosa ninaloliona zaidi ni bei mpya ya kopo iliyoandikwa kwa peni juu ya lebo yenye bei ya zamani ya kilo. Na ukiwa na ofa, bei ya kilo iwe ya bei ya ofa.

## Pale hesabu inapopinda

13. Mafuta mengine yameandikwa lita, mengine kilo. Nalinganishaje?

Mafuta ya kula ni mepesi kuliko maji. Lita moja ya alizeti ina uzito wa kama gramu 920. Kwa hiyo "kilo 5" ni karibu lita 5.4, mengi kuliko "lita 5". Dumu la lita 5 la Sh 30,000 ni 6,000 kwa lita. Dumu la kilo 5 la Sh 32,000 ni kama 5,890 kwa lita. Lenye bei ya juu ndilo rahisi. Njia fupi: gawanya kilo kwa 0.92 upate lita.

Mafuta mgando huuzwa kwa gramu, kwa hiyo yalinganishe na ya maji baada ya kuyaweka yote kwenye kilo.

14. Kopo lenye maji ndani, kama dengu au samaki, nahesabu uzito upi?

Uzito wa kitu chenyewe baada ya kumwaga maji, ikiwa umeandikwa. Kopo la kwanza la dengu ni Sh 2,400, gramu 400 kwa jumla, 240 bila maji. La pili ni Sh 2,400, gramu 420 kwa jumla, 230 bila maji. Kwa uzito wa jumla la pili ni rahisi, kama 5,710 kwa kilo dhidi ya 6,000. Kwa dengu utakazokula, la kwanza ni 10,000 kwa kilo na la pili ni karibu 10,440. Ulichookoa kwenye hesabu ya kwanza ni maji ya chumvi.

15. Je, sharubati ya kuchanganya na sabuni ya maji?

Bei ya lita haitoshi hapo, hesabu kile kitakachotumika. Sharubati inayochanganywa kipimo kimoja kwa maji vipimo vinne, lita yake moja inakupa lita tano za kinywaji. Inayochanganywa moja kwa sita inakupa lita saba. Ya 7,000 ya kwanza ni 1,400 kwa lita ya kunywa, na ya 8,400 ya pili ni 1,200.

Sabuni ya kufulia hesabu kwa fuo, kama pakiti inasema kiasi cha kutumia. Karatasi za chooni hesabu kwa idadi ya karatasi au mita, kwani "roli" si kipimo. Lebo ya rafu haiwezi kuyabeba haya yote, kwa hiyo hapa mnunuzi anabaki na kazi yake.

16. Na kama pakiti haifikii uzito ulioandikwa juu yake?

Basi bei ya kipimo ni ya uongo hata kama hesabu ni sahihi. Kopo la gramu 500 lenye 470, uliloambiwa ni 13,400 kwa kilo, kwa kweli ni kama 14,255. Muuzaji anayefungasha apime kopo tupu kwanza, arudishe mizani kwenye sifuri, ndipo ajaze. Niliwahi kupokea katoni ya makopo kutoka kwa mfungashaji aliyepima kopo na mfuniko pamoja na siagi. Kila moja lilipungua kama gramu 35. Hakuwa na nia mbaya, lakini wateja walilipia plastiki kwa bei ya karanga.

Tanzania, Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya biashara na kuigonga muhuri. Mizani ya jikoni ya betri haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mnunuzi mwenye shaka ampelekee malalamiko Wakala, na Kenya ni idara ya serikali inayosimamia mizani na vipimo.

17. Ni wapi sheria inalazimisha bei ya kipimo kwenye rafu?

Umoja wa Ulaya una agizo namba 98/6/EC la mwaka 1998, linalotaka bei ya kuuzia na bei ya kipimo zionekane wazi, kwa kawaida kwa kilo au lita, huku nchi zikiruhusiwa kuwapa nafuu wenye maduka madogo. Kwa bidhaa za swali la 14, agizo hilo linakubali bei ya kipimo ihesabiwe kwa uzito bila maji. Uingereza ina kanuni zake za mwaka 2004. Australia ilianza 2009, ikiwabana wauzaji wa vyakula wenye maduka ya zaidi ya mita za mraba 1,000. Ndugu zetu walioko huko wataiona kwa tarakimu ndogo kwenye kona ya lebo ya rafu, na wengi wameniambia walikaa miaka wakidhani ni namba ya bidhaa.

Kwa duka la mtaani ambalo halijalazimishwa, inatosha karatasi nyeupe, kalamu ya wino mzito na kikokotoo. Cha kwangu kimefungwa kwa uzi chini ya kaunta, na watoto wanaotumwa dukani ndio wanaokiomba zaidi.